Kipuri Halisi, cha Kampuni Nyingine au cha Mtumba?

Dada mmoja wa Kisauni ametuletea swali ambalo bila shaka wengi wenu mmewahi kulikabili. Gari lake ni Toyota Fielder, lile alitumialo kuwapeleka watoto shule na chuoni. Fundi amemwambia, "Mama, pedi za breki za mbele zimekwisha, na alteneta haichaji." Kisha akamtajia bei. Pedi halisi za Toyota ni shilingi 8,500, za kampuni nyingine ni 3,500, na zipo zilizotolewa katika gari jingine kwa 1,000. Alteneta mpya kutoka kwa wakala ni 45,000, mpya isiyojulikana mtengenezaji wake ni 12,000, na ya mtumba iliyotoka Japani ni 9,000. Dada auliza: achague upande upi?

Jibu letu ni kuwa hakuna upande mmoja wa kuchagua. La kuulizwa kwanza ni hili: kipuri chenyewe hufa vipi, na je, mtu aweza kukipima kabla hakijafa?

Tuanze na pedi, kwa kuwa ndizo zenye hatari. Pedi ni kitu kilichoumbwa kiishe. Kila ukikanyaga breki, inasuguana na diski na kupungua kidogo. Ikiwa mpya, unene wake huwa kama milimita 10 hadi 12. Ikifika milimita 3 hivi ni wakati wa kuibadilisha. Basi anayenunua pedi za mtumba ananunua masalio, tena masalio yaliyokwisha kujitengeneza kwa umbo la diski ya mtu mwingine. Isitoshe, hawezi kujua kama gundi inayoshika pedi na bamba lake la chuma imedhoofika kwa joto au kwa kutu, na sisi wa pwani twajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Shilingi 1,000 hiyo iachwe.

Zabakia za 8,500 na za 3,500. Hapa jambo moja husahauliwa sana: Toyota haitengenezi kila kipuri kwa mikono yake. Kuna viwanda kama Advics, mtengenezaji wa breki, na Denso, mtengenezaji wa vifaa vya umeme, ambavyo huiuzia Toyota na pia huuza kwa majina yao wenyewe. Kwa hivyo "kampuni nyingine" yaweza kuwa kiwanda kinachoheshimika, na yaweza pia kuwa sanduku la rangi nzuri lisilo na anwani.

Ili kuvitofautisha, itoe pedi sandukuni uitazame ukingoni na mgongoni. Nyingi zilizotengenezwa kwa kanuni huwa zimepigwa chapa ya herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Herufi ya kwanza yaeleza nguvu ya msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida, na ya pili yaeleza nguvu hiyo joto likipanda sana. E ni dhaifu kuliko F, na F ni dhaifu kuliko G. Pedi ya FE, kwa mfano, hupungua nguvu inapopata moto, na moto huo ndio unaokuja mtu anaposhuka kutoka Mazeras na gari limejaa jamaa na mizigo. Mtu mwovu aweza kuzichapa herufi hizo juu ya pedi bandia. Kwa hiyo kuwepo kwake si ushahidi kamili, lakini kukosekana kwake pamoja na kukosekana kwa jina la mtengenezaji kwatosha kukufanya uirudishe sandukuni.

Kwa dada yetu, pedi za 3,500 zenye jina la kiwanda kinachojulikana zinatosha. Kama muuzaji hana ila zisizo na jina, basi na atoe 8,500. Pedi mbaya hukwaruza diski, na kubadilisha diski ni gharama nyingine.

Alteneta ina habari tofauti kabisa. Mwili wake wa chuma na nyaya zake za shaba hudumu miaka mingi. Vinavyochakaa ndani yake ni vitu vidogo, yaani kaboni, beringi na kidhibiti umeme. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua yoyote, alteneta ile kuukuu na ipelekwe kwanza kwa fundi wa umeme wa magari aifungue. Mara nyingi huwa ni kaboni tu zimekwisha, na kuzibadilisha ni kazi ndogo. (Fundi wa gereji hatakwambia hivyo daima, kwake ni rahisi zaidi kufungua bolti na kufunga nyingine.)

Ikiwa imeungua kweli, mimi ningechagua ile ya mtumba ya 9,000 kuliko mpya isiyo na jina ya 12,000. Ya mtumba ilitoka kiwandani ikiwa halisi, na nguvu yake yaweza kupimwa mbele ya macho yako. Ile mpya ni nakala, na upya wake ni rangi. Ya wakala ni nzuri, lakini 45,000 kwa gari la umri ule ni fedha nyingi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Alteneta ikishafungwa, injini iwashwe, taa na kipozahewa viwashwe, kisha mita iwekwe kwenye betri. Isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, haichaji. Ikipita 15, itaiua betri. Sikiliza pia: mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo wa injini ni beringi inayolalamika.

Kuhusu kuingia sawasawa, jina "Fielder" pekee halitoshi. NZE141, NZE144 na ZRE142 zote ni Fielder, na vipuri vyake vyaweza kutofautiana. Nenda na namba ya chasi iliyo katika logibuku, na ukiweza nenda na kipuri kuukuu chenyewe. Vipuri vya Toyota huwa na namba ya sehemu mbili: tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri, kama 04465 kwa pedi za mbele na 27060 kwa alteneta, na tano za mwisho hutaja ni ya gari gani. Kwa alteneta, linganisha pia matundu ya bolti, umbo la plagi na idadi ya mifereo ya puli.

La mwisho ni dhamana. Ya wakala mara nyingi hutaka kipuri kifungwe katika karakana yake. Ya mtumba huwa ni siku chache, na wauzaji wengi hukataa kabisa kurudishiwa vifaa vya umeme. Katika fiqhi mnunuzi ana khiyari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo na hakuelezwa, ana haki ya kurudisha. Lakini uchakavu wa kawaida alioukubali mwenyewe hauhesabiwi, na ndipo ugomvi uanzapo. Basi risiti iandikwe namba ya kipuri, neno "mtumba", idadi ya siku, na kama atakayerudisha atapewa fedha au kipuri kingine. Iandikwe pia ni nani atakayemlipa fundi kufungua mara ya pili, maana kwa alteneta ya 9,000 ujira huo si mdogo. Muuzaji akikataa kuandika, duka la jirani liko wazi.