Sindano ya kila wiki nne: uzito wa mtoto, maumivu na hesabu ya siku

Mtoto aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi huonekana mzima baada ya wiki chache. Viungo havimuumi tena, anacheza mpira, anakwenda shule. Hapo ndipo wazazi wengi huanza kujiuliza kwa nini bado anachomwa sindano kila mwezi, tena sindano inayomfanya achechemee siku nzima.

Homa hii huanzia kooni. Bakteria aina ya streptokoka huleta mafindofindo, na kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili, ikiwa inapambana na bakteria hao, hugeukia pia viungo na moyo. Mtoto aliyeugua mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuugua tena akipata mafindofindo mengine, na kila shambulio jipya linaweza kuongeza makovu kwenye vali za moyo. Penisilini ya benzathini haiponyi kovu lililokwishatokea. Kazi yake ni kuwazuia bakteria wasipate nafasi nyingine kooni.

Dawa hii huwekwa ndani ya msuli, nayo huyeyuka polepole na kuingia kwenye damu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kiasi chake katika damu hupungua kila siku inayopita, na wiki ya nne inapokwisha kinga imebaki ndogo. Kwa hiyo neno "kila mwezi" linapotosha kidogo. Kinachotakiwa ni kila siku 28, na kwa watoto walio katika hatari kubwa zaidi daktari anaweza kuagiza kila siku 21.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 9 mwenye kilo 26, aliyechomwa Jumanne ya tarehe 6 Januari 2026. Mama akishika tarehe 6 ya kila mwezi, mtoto atapata sindano 12 kwa mwaka, na karibu kila mara atakaa siku 30 au 31 kabla ya sindano inayofuata. Akishika siku ya Jumanne na kuhesabu wiki nne, sindano inayofuata ni tarehe 3 Februari, kisha 3 Machi, 31 Machi, 28 Aprili, na kuendelea hivyo hadi 8 Desemba. Hizo ni sindano 13. Tofauti ya sindano moja inaonekana ndogo, lakini zile siku mbili tatu zinazobaki wazi kila mwezi ndizo siku ambazo mtoto hana kinga ya kutosha. Ni rahisi zaidi kukumbuka "Jumanne ya nne" kuliko tarehe, na simu inaweza kuwekewa kengele ya kila baada ya wiki nne. Ikiwa kuna safari au sikukuu, ni afadhali kuwahi siku chache kuliko kuchelewa. Ikiwa siku imeshapita, mtoto apelekwe mara moja, na hesabu mpya ianzie siku hiyo aliyochomwa.

Kuhusu kipimo, dawa hii haipigiwi hesabu ya kila kilo. Ina ngazi mbili tu: yuniti 600,000 kwa mtoto mdogo na yuniti 1,200,000 kwa mtoto mkubwa na mtu mzima. Mahali pa kuvuka ngazi ndipo miongozo inapotofautiana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2004 uliweka kilo 30, Wamarekani hutumia kilo 27, na Waaustralia huanza dozi kubwa kwenye kilo 20. Yule mtoto wa kilo 26 angepata dozi ndogo kwa miongozo miwili na dozi kubwa kwa mmoja. Mzazi asishtuke akiona vituo viwili vimetofautiana. Amuulize daktari anafuata kiwango gani, na kiandikwe kwenye daftari la kliniki.

Kosa linalotokea kimya kimya ni la mtoto anayekua huku dozi ikibaki ileile. Aliyeanza na kilo 19 akiwa darasa la kwanza anaweza kufika kilo 31 bila mtu kumpima tena, kwa sababu muuguzi hunakili kilichoandikwa mwezi uliopita. Mtoto apandishwe kwenye mizani kila anapofika.

Kosa jingine liko kwenye kichupa. Dawa nyingi huja kama unga mkavu, na vichupa vingine vina yuniti 1,200,000, vingine 2,400,000. Anayehitaji yuniti 1,200,000 kutoka kichupa kikubwa anatakiwa kupewa nusu ya mchanganyiko wote, wala si nusu ya maji yaliyotiwa, kwani unga wenyewe nao huongeza ujazo. Swali la heshima, "Nesi, hiki ni cha yuniti ngapi?", halimuudhi mtu.

Sasa maumivu, ambayo ndiyo huwafanya watoto wengi wakimbie kliniki. Dawa hii ni nzito na nyeupe kama maziwa, na chembe zake huziba sindano nyembamba. Ikiziba, mtoto huchomwa mara ya pili. Ndiyo maana muuguzi mzoefu hutikisa kichupa vizuri, huvuta dawa mtoto akiwa tayari amekaa au amelala, kisha huchoma bila kukawia. Lakini kuisukuma dawa ni jambo la polepole, dakika mbili au tatu. Haraka hapa ndiyo inayouma.

Njia moja iliyothibitishwa ni kuchanganya unga na dawa ya ganzi ya lidokeini isiyo na adrenalini, badala ya maji matupu. Watoto waliopewa hivyo waliripoti maumivu madogo, na kiasi cha penisilini kwenye damu yao hakikupungua. Si kila kituo hufanya hivyo, na haifai kwa mwenye mzio wa lidokeini, lakini mzazi anaweza kuomba mapema. Yapo pia mambo yasiyo na gharama: spiriti iachwe ikauke kabisa kabla ya kuchoma, muuguzi abonyeze mahali pa sindano kwa kidole gumba kwa sekunde 10 hivi, upande ubadilishwe kila mara, na mtoto alegeze mguu huku akisimuliwa jambo. Baadaye kitambaa chenye barafu na parasetamoli husaidia, na kutembea taratibu ni bora kuliko kulala kutwa.

Mtoto ale na anywe maji kabla ya kwenda, na achomwe akiwa amelala ikiwa huwa anazimia. Baada ya sindano akae kituoni kwa nusu saa. Mzio mkali ni nadra, lakini midomo ikivimba, vipele vikitapakaa au pumzi ikibana, muuguzi aitwe papo hapo, maana tiba yake ni adrenalini. Mtoto ambaye vali zake zimeharibika sana, au moyo wake umedhoofika, ajadiliwe na daktari wa moyo kabla ya kuendelea, kwa sababu kwake vidonge vya penisilini vya kila siku vinaweza kuwa salama zaidi.

Na muda? Kwa mwongozo ule wa 2004, ambaye moyo wake haukuguswa huchomwa kwa miaka 5 tangu shambulio la mwisho au hadi afikishe miaka 18, kutegemea kipi ni kirefu. Ambaye vali zake ziliguswa kidogo ni miaka 10 au hadi miaka 25, na mwenye madhara makubwa ni maisha yote. Anayeamua kuacha ni daktari aliyeupima moyo, hata kama mtoto hajaumwa kiungo kwa miaka mitatu.