Njugu Nyasa, Ful Sudani

Wiki ya majaribio imeisha, mwalimu wa saikolojia katunyoosha kama kawaida, leo nina nafasi ya kuandika kitu kinachonikera tangu mwezi uliopita.

Mnajua kwamba karanga kwa Kiswahili cha kamusi huitwa pia njugu nyasa? Watu wa pwani waliipa jina la kwetu, kana kwamba ilizaliwa Liuli au Mbamba Bay. Waarabu nao wanaiita ful sudani, yaani maharage ya Sudani. Ukweli ni kwamba karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, si Nyasa wala Sudani, ila kila mtu aliipa jina la kule alikodhani imetoka. Kwa mlaji wa kawaida hii ni stori ya kijiweni tu. Kwa mtu mwenye aleji ya karanga, jina ndilo linaloamua kama atalala salama usiku huo.

Naandika hivi kwa sababu binamu yangu mmoja, mtoto wa shangazi, yuko Maskati anafanya kazi za ndani. Karanga haigusi tangu utotoni. Akila hata mboga iliyoungwa kwa karanga kidogo, midomo inavimba, ngozi inatoka vipele, pumzi inakata. Sasa fikiria mtu wa hivyo akulie Wilaya ya Nyasa, ambako matembele yasiyoungwa karanga yanahesabika kama hayajapikwa! Shangazi alikuwa anampikia sufuria yake pembeni, na wageni wanamwambia, "Mama, unamdekeza huyo." Alipopata safari, watu wa nyumbani walimtia moyo kwamba lugha haitamsumbua, Kiarabu na Kiswahili ni ndugu, atakuwa anaokota maneno. Mimi hapo ndipo napingana nao. Undugu huo ndio hatari yenyewe ukiwa unasoma pakiti ya biskuti.

Tuanze na ful. Peke yake, neno hilo kwa Kiarabu ni maharage, yale makubwa mapana wanayoyapika taratibu na kuyala asubuhi. Ukiongeza "sudani" ndipo inakuwa karanga. Na ukiongeza "as-suya" inakuwa soya. Kwa hiyo kwenye pakiti moja unaweza kukuta ful as-suya na ful sudani zimekaa pua na mdomo. Anayetafsiri kwa haraka akaandika "ful" tu, amemwambia msomaji kwamba mle ndani kuna maharage. Hajadanganya neno, kadanganya kitu. Stika ikiwa nyembamba na mstari ukakatika, "sudani" inashuka chini peke yake, na mtu anayesoma kwa kukisia anadhani ni nchi bidhaa ilikotoka.

Halafu kuna fustuk. Kwenye vitabu, fustuk ni pistashio, ile kokwa ya kijani, na wakitaka kuwa wazi wanasema fustuk halabi, kwa jina la mji wa Halabi kule Shamu (tena jina la mahali!). Lakini watu wa Shamu na Lebanoni katika maongezi yao wanaita fustuk hata karanga. Sasa kiwandani mtafsiri katoka Shamu, dukani mnunuzi kafundishwa Kiarabu cha Misri, na neno lililoandikwa ni fustuk tupu. Mmoja kaandika karanga, mwingine kasoma pistashio. Kwa maoni yangu neno hilo likiwa peke yake lisiruhusiwe kabisa kwenye onyo la aleji. Iandikwe ful sudani, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo Mwarabu wa upande wowote akiliona kwenye pakiti anajua ni karanga.

Na msidhani ukikutana na Mwomani anayeongea Kiswahili shida imekwisha. Wako wengi, familia zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 na wengine waliorudi Omani baada ya Sultani Kabusi kushika nchi mwaka 1970. Wakarimu sana, binamu anasema wanamfurahia akiongea. Lakini mtu wa pwani akisema "hii ina njugu", mara nyingi anamaanisha karanga. Kwetu Ruvuma ukisema njugu, mtu anawaza njugu mawe, zile za kuchemsha na chumvi. Kiswahili kwa Kiswahili, na bado mtu angeweza kula sumu yake huku anashukuru.

Yapo maneno yanayosaidia, siwezi kukataa. Lozi ni lozi, samaki ni samak. Bunduk nayo isikutishe kwenye chokoleti, ni kokwa inayoitwa hazeli, na bunduki yetu imetoka kwenye neno hilo hilo. Ila kuna neno moja la ndugu linalopotosha vibaya: athar. Sisi tukisikia athari tunawaza madhara. Kwenye pakiti, athar ni mabaki au chembe chembe zilizobaki. "Athar min al-ful as-sudani" haikuelezi madhara ya karanga, inakwambia kuna chembe za karanga. Msomaji wetu anaweza kupita hapo akidhani ni tangazo la afya.

Sasa maneno madogo. Haya ndiyo nilimkaririsha binamu kwa Wasapu jioni tatu mfululizo, kwa msaada wa mwenzangu wa chumbani, Mzenji aliyesoma madrasa mpaka akakinai. "Yahtawi ala" maana yake ina. "Kad yahtawi ala" maana yake huenda ina. "La yahtawi ala" maana yake haina. Angalieni: sehemu kubwa ya sentensi ni ile ile, kinachobadilika ni kineno cha herufi mbili kinachotangulia. Sisi kukanusha tunaingiza ndani ya kitenzi, ina na haina, jicho letu halijazoea kutafuta kukanusha kwenye kineno kilichosimama pembeni. Mzenji akaongeza jambo ambalo sikulijua: kad ikifuatwa na kitenzi cha wakati uliopo inaleta mashaka, ikifuatwa na kitenzi cha wakati uliopita inaleta uhakika. Kwa hiyo mtafsiri akikosea wakati wa kitenzi, "huenda ina" inageuka "hakika ilikuwa nayo". Na akiisahau kad kabisa, onyo linakuwa "ina".

Kuna watakaosema hilo si kosa baya, bora kutisha kuliko kuficha. Sikubali. Ukiandika "ina karanga" kwenye kila kitu ambacho hakina, mtu mwenye aleji atakula mara moja kwa bahati mbaya, ataona hajadhurika, na kuanzia siku hiyo hataliamini onyo lako lolote. Kutafsiri sawasawa ni pamoja na kutunza uzito wa onyo, usipunguze wala usizidishe.

Mtaniuliza, si asome Kiingereza? Pakiti nyingi za Ghuba zina lugha mbili. Kweli. Kiwango cha nchi za Ghuba, GSO 9, kinataka maelezo yawe kwa Kiarabu, na lugha nyingine ikiwepo isimame pamoja nacho ikisema yale yale. Vitu kutoka nje mara nyingi vinabandikwa stika ya Kiarabu juu ya pakiti. Tatizo, stika nyingine inabandikwa juu ya orodha ya asili, na vitu vya viwanda vya palepale au mikate ya dukani vinaweza kuwa na Kiarabu kitupu. Pale ambapo lugha zote mbili zinaonekana, nilimfundisha binamu kuhesabu. Viungo vinatenganishwa kwa koma, koma ya Kiarabu imegeuzwa tu. Kiingereza kikiwa na viungo tisa na Kiarabu kina saba, kuna viwili vimeangushwa, rudisha kwenye shelfu. Huhitaji kujua kusoma ili kuhesabu koma. Mwezi uliopita alinipigia picha ya biskuti za aina hiyo hiyo, Kiingereza kinataja karanga mwishoni, stika imekatia kwenye chumvi. Alikuwa ameshaifungua. Ndicho kilichonikera.

Tusiwalaumu wa mbali tu. Hebu chukua unga wa lishe, ambao kina mama wengi wanasaga Songea na Mbinga, na mtu akitaka kuupeleka Omani. Tuseme ndani una mahindi, soya, karanga na maziwa ya unga, kwa mpangilio wa uzito, kizito kinatangulia, na mashine ile ile inasaga pia ufuta. Njia ya mkato ni kuandika kwanza Kiingereza, halafu kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu. Hapo karanga inaweza kugeuka "nati", na "nati" kwa Kiarabu inakuwa mukassarat, neno la jumla kwa kokwa zote za kutafuna. Muuza duka anachanganya humo karanga, korosho, hata mbegu za maboga. Mwenye aleji ya korosho tu ataukimbia unga usio na korosho, na mwenye aleji ya karanga hajui kama anaambiwa yeye. Wakati tulikuwa na neno letu safi kabisa, karanga, lisilochanganyika na korosho!

Kwa hiyo toka Kiswahili moja kwa moja: dhura, ful as-suya, ful sudani, halib mujaffaf. Chini yake onyo: yahtawi ala ful as-suya, ful sudani, halib. Mstari wake peke yake: kad yahtawi ala simsim. Huo ufuta usiudharau. Kodeksi, tume ya viwango vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani, iliweka orodha yake ya vyakula vya aleji vya kutajwa mwaka 1999, karanga ikiwemo, na ufuta ukaingizwa 2024 tu. Stika iliyonakiliwa kutoka orodha ya zamani itauruka.

Kisha mjaribu mtafsiri wako kwa njia ya sokoni. Chukua stika ya Kiarabu bila ile ya Kiswahili, mpe Mwarabu ambaye hajui bidhaa yako, mwambie akuletee kutoka dukani kila kitu kilichoandikwa pale, kiganja kimoja kimoja. Akirudi na maharage badala ya karanga, usichape.