Acheni Kusema Wanapakua Bila Kutazama

Kuna kauli imeota mizizi kwenye ofisi zinazotengeneza video za masomo, za afya na za kilimo kwa ajili ya simu. Inasema kwamba watu wa vijijini wanapakua tu, hawatazami. Inatamkwa kwenye vikao vya tathmini, inaandikwa kwenye ripoti za wafadhili, na anayeipinga huonyeshwa grafu. Mstari wa upakuaji uko juu, mstari wa utazamaji uko chini, na hapo mjadala unafungwa kwa maneno yaleyale ya kila siku: takwimu hazidanganyi.

Mimi nasema kauli hiyo haina msingi, na grafu hiyo haiwezi kuipa. Kinachopimwa pale si hamu ya mtazamaji wala bidii yake. Kinachopimwa ni mara ngapi simu yake iliingia mtandaoni baada ya kutazama.

Tuanze na namna hesabu inavyofanyika, kwa sababu wengi wanaoisoma grafu hawajawahi kuulizia. Mtu anapobonyeza kitufe cha kupakua, lazima awe mtandaoni, la sivyo hakuna kinachoshuka. Kwa hiyo seva inaiona simu yake palepale, na tukio la kupakua linaandikwa bila shida. Kutazama ni habari nyingine. Ukitazama ukiwa mtandaoni, kicheza video kilichomo ndani ya programu hutuma taarifa fupifupi: ameanza, bado anaendelea, amesimamisha, amemaliza. Ukitazama bila bando, taarifa hizo hazina pa kwenda. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu huziandika kwenye simu, zikangoja siku mtandao utakaporudi. Iliyotengenezwa ovyo haiandiki chochote. Maana yake ni kwamba kati ya vitu viwili vinavyolinganishwa kwenye grafu, kimoja hakikosi kuonekana na kingine kinaonekana kwa bahati. Kulinganisha vitu hivyo kisha kumhukumu mtu ni dhuluma.

Hata hizo zinazongoja zina ukomo wa kungojewa. Programu nyingi ndogo hazina mfumo wao wenyewe wa kuhesabu, zinatumia Google Analytics. Mfumo huo huhifadhi matukio kwenye simu ikiwa nje ya mtandao na kuyatuma simu ikirudi, lakini tukio likifika zaidi ya saa 72 baada ya kutokea, linapuuzwa. Haliwekwi kwenye fungu la waliochelewa, wala halimpi mwenye programu onyo lolote. Halihesabiwi, basi. Kanuni hiyo imeandikwa wazi kwenye maelezo ya Google yenyewe, ila sijaona ripoti ya mradi inayoitaja chini ya grafu yake.

Siku tatu ni nyingi kwa mtu wa mjini ambaye simu yake haitoki hewani. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi kilomita kadhaa kutoka barabara kuu ni hadithi tofauti. Tumchukue mmoja wa kufikirika, tumfuate wiki nzima. Ijumaa saa 10 jioni, kabla hajaondoka shuleni, anapakua vipindi 8 vya hisabati kwa waifai ya ofisi ya walimu. Kila kipindi ni cha dakika 12. Jumamosi anatazama 3, Jumapili anatazama 3 pamoja na wadogo zake wawili. Wiki ikiendelea simu inabaki nyumbani, na Alhamisi usiku anamalizia 2 vilivyobaki. Ijumaa anakuja nayo tena shuleni, na saa 10 jioni inashika waifai.

Sasa rudi nyuma saa 72 kutoka hapo. Unafika Jumanne saa 10 jioni. Vipindi vya Alhamisi vimo ndani ya muda, vinapokelewa. Vya Jumamosi na Jumapili vimepitwa, vinatupwa. Kijana ametazama dakika 96, na ripoti inasema 24. Amemaliza vipindi vyote 8, na ripoti inasema ametazama robo ya alichopakua. Wadogo zake hawakuwa na nafasi yoyote ya kuhesabiwa, kwa kuwa simu moja huhesabiwa kama mtu mmoja.

Mweke kando yake mwanafunzi wa mjini mwenye intaneti nyumbani muda wote. Amepakua vipindi 8 vilevile, akatazama 5, vitatu akaviacha. Matukio yake yote yamefika ndani ya muda. Ripoti inampa dakika 60. Mtu anayesoma grafu anaona wa mjini ana bidii mara mbili na nusu ya wa kijijini, wakati ukweli ni kinyume chake. Hapo hakuna hesabu iliyokosewa. Kila namba ilijumlishwa sawasawa, na jibu likatoka batili.

Na huyo kijana wa mfano wangu ana nafuu, maana angalau Ijumaa anapata mtandao kamili. Wapo wanaoishi kwa bando la mitandao ya kijamii tu, lile linaloruhusu WhatsApp na Facebook na kuzuia mengine. Simu inaonyesha iko hewani, meseji zinaingia, lakini programu ya masomo haiwezi kufika kwenye seva yake. Wapo waliozima data ya usuli ili bando lisiishe kimyakimya, kwa hiyo programu haitumi kitu mpaka ifunguliwe wakati data ikiwa imewashwa, jambo ambalo mtu anayetazama vilivyokwisha kupakuliwa hana sababu ya kulifanya.

Halafu kuna suala la nafasi. Video ya dakika 12 yenye ubora wa 360p inaweza kula megabaiti 40 na ushei, na simu nyingi zinazozungumziwa hapa zina gigabaiti 16 au 32, sehemu kubwa ikiwa imeshajazwa na mfumo wenyewe. Mwenye simu akimaliza kutazama anafanya kile ambacho kila mtu mwenye simu iliyojaa hufanya. Anaingia kwenye mipangilio, anaichagua programu inayokula nafasi kubwa, anabonyeza kufuta data, au anaing'oa programu nzima mpaka muhula ujao. Ile orodha ya matukio yanayongoja imehifadhiwa humohumo ndani ya data ya programu. Inafutika pamoja na video. Angalia nani anayepotea hapo: ni yule aliyetazama hadi mwisho ndipo akafuta. Ambaye hajatazama anaibakiza video yake.

Nikisema haya naambiwa niwatazame YouTube, mbona wao wanahesabu hata wasio mtandaoni. Ni kweli, programu ya YouTube hutuma hesabu za video zilizopakuliwa pale simu inaporudi mtandaoni. Lakini tazama inavyoilazimisha simu irudi. Video uliyopakua kihalali ndani ya YouTube hudumu bila mtandao hadi siku 29 katika nchi nyingi, na saa 48 tu katika baadhi ya nchi. Muda ukipita bila simu kuunganishwa, video haichezi ingawa faili lipo na nafasi imeliwa. Utaratibu huo unasaidia hesabu kufika, na unamwadhibu yuleyule mwenye mtandao haba.

Mtu akifungiwa video mara mbili tatu anajifunza. Anatafuta programu nyingine inayovuta video kutoka YouTube na kuiacha kwenye simu kama faili la kawaida, au anakwenda kwa kijana wa kibandani anayejaza memori. Tangu hapo video inachezwa kwa kicheza video cha simu, inarushwa kwa Bluetooth, inatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Faili la MP4 halina mdomo wa kumwambia aliyelitengeneza kwamba limechezwa. Mtayarishaji wa mafunzo anayehitaji saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili agawiwe mapato ya matangazo ya YouTube anaweza kuwa anatazamwa na kata nzima, na kwenye akaunti yake haongezewi hata dakika moja.

Sitaki mtu adhani ninasema kila kilichopakuliwa kimetazamwa. Wapo wanaopakua na kusahau, mjini na kijijini. Hoja yangu ni kwamba grafu mnayotuonyesha haiwezi kuwatenganisha hao na waliotazama wakapotea njiani. Na upotevu huu haumwangukii kila mtu sawa. Ungekuwa unapunguza asilimia ileile kila mahali, ulinganisho kati ya mjini na kijijini ungesimama. Unapunguza zaidi kadiri mtandao unavyokuwa mbaya, kwa hiyo ulinganisho wenyewe ndio unaoharibika kwanza. Ndipo inapoamuliwa kwamba toleo la video nyepesi lifutwe kwa sababu "halitumiki".

Anayetaka kujua kama programu yake ina tatizo hili anaweza kulijua bila gharama kubwa. Kila tukio la kutazama liandikwe nyakati mbili, ule lilipotokea kwenye simu na ule lilipofika kwenye seva yako mwenyewe, isiyo na kisu cha saa 72. Kisha panga matukio kwa kuchelewa kwake. Ukiona mengi yanafika ndani ya saa moja, machache ya siku moja, machache zaidi ya siku mbili, kisha yanaishia polepole, hali ni nzuri. Ukiona yanayofika siku ya nne, ya saba na ya kumi bado ni mengi, basi hayo yote ndiyo yaliyokuwa yakitupwa. Jihadhari na saa za simu zilizokosewa, maana simu iliyozimika betri inaweza kurudi na tarehe ya miaka iliyopita. Tukio la namna hiyo litengwe, lisifutwe.

Kuyapokea matukio yaliyochelewa si kazi nzito. Badala ya kutuma kila mpigo wa kicheza video, programu inaweza kujumlisha utazamaji mmoja kuwa mstari mmoja wenye namba ya video, saa ya kuanza na sekunde zilizotazamwa. Mstari huo hauzidi baiti 200. Elfu moja ya mistari hiyo ni kilobaiti 200, chini ya sehemu moja ya mia mbili ya video moja ya dakika 12. Kila mstari upewe namba yake ya pekee ili ukitumwa mara mbili usihesabiwe mara mbili, na utumwe muda uleule mtu anapofungua mtandao kupakua vipindi vipya, kwa sababu huo ndio wakati pekee ambao una uhakika kwamba yuko hewani.

Kwa video zilizokwisha kutoka nje ya programu hakuna hesabu ya seva itakayosaidia. Hapo inabidi kuwauliza watu, kama redio inavyofanya miaka yote, kwa kuwa redio haijawahi kurudishiwa taarifa na chombo cha msikilizaji. Pigieni simu sampuli ya waliopakua, waulizeni walitazama vipindi vingapi, na wangapi walikaa mbele ya simu hiyo. Kabla hamjafanya hivyo, ile safu ya utazamaji wa vijijini isiandikwe sifuri wala robo. Iandikwe "haijapimwa", na chini yake zitajwe zile saa 72.