Mzaha wa Kizungu Ufikapo Malindi

Siku hizi vijana wetu wa Malindi na Kilifi hupanda jukwaani na mizaha waliyoitafsiri kutoka Kiingereza. Wengi hupigiwa makofi ya adabu, na kicheko hakuna. Msomaji akitaka kujua kwa nini, natutazame mzaha mmoja tu.

Henny Youngman, mcheza fidla na mchekeshaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1998, alikuwa na mzaha wa maneno manne. Husema kama atoaye mfano, tuseme mke wangu, kisha akanyamaza kidogo na kuongeza neno la kuomba. Hapo hadhira hugundua kwamba hatoi mfano. Aomba mtu amchukue bibi huyo. Kitenzi cha Kiingereza hubeba maana zote mbili bila kubadili umbo.

Kijana mmoja aliniletea tafsiri yake: “Mchukue mke wangu, tafadhali.” Siri imekwisha kufichuka kwenye neno la kwanza! Isitoshe, tafadhali kwetu hutangulia ombi. Ikiwekwa mwishoni huburura miguu, ilhali neno la mwisho ndilo lipasalo kulipuka.

Dawa imo mumo humo katika vitenzi vyetu. Kumchukulia mtu ni kumfanya mfano. Kumchukua ni kwenda naye. Tofauti ni silabi moja. Basi nikamwambia aseme: “Mchukulieni mke wangu...” atue, watu wangoje habari, kisha: “Au basi, mchukueni!”

Lugha imekaa sawa, lakini mzaha haujavuka. Mchekeshaji wa Marekani humtania mkewe, hata mamake mkewe, mbele ya umati. Kwetu utani una wenyewe. Shemeji hutaniwa, mkwe hatanianwi kamwe, na huenda mkwe huyo yumo ukumbini, safu ya pili, na buibui lake. Watu watainamisha vichwa, nawe utadhani hawakusikia.

Ni nani basi apasaye kutaniwa? Nyanya! Pwani hii mjukuu wa kiume humwita nyanyake “mke wangu”, naye babu huwa mshindani wake. Tukaupanga upya hivi:

“Mchukulieni mke wangu. Jino moja, tena latikisika, na usiku kucha yuanilalamikia magoti. Babu, njoo umchukue!”

Neno “Babu” ndilo lifichualo kuwa mke ni nyanya, na ombi lafuata papo hapo. Wala asiongeze kitu baada yake. Ukisikia kicheko kimeanza kwenye jino, jua siri imevuja mapema. Kata jino ubakize magoti. Kikija baada ya kueleza nyanya ni nani, hicho si kicheko, ni huruma.

Nakiri tumepoteza ufupi. Maneno manne yamekuwa kumi na matano, na ule ukali wa mume aliyechoka umegeuka mapenzi ya mjukuu. Wapo watakaosema huo si mzaha wa Youngman tena. Mimi naona ni wake, maana mtego ni ule ule: mfano uliogeuka ombi. Ila mbele ya wageni wa hotelini wasiojua utani wa nyanya na mjukuu, kijana auache nyumbani.