Mama, usimlipie tena Fuliza

Msimu wa bonasi ya chai ukikaribia, kuanzia Githongo na Kionyo hadi Rukuriri kule Embu, kuna wanawake wanaojua tayari pesa za Oktoba zitaishia wapi, na si mikononi mwao. Zitaishia kwa shailoki wa sokoni, kwa mwenye kilabu, kwa jamaa aliyeshikilia kitambulisho cha mume. Chai waliichuma wao, umande ukiwalowesha hadi magotini. Jumapili watasifiwa kwa uvumilivu. Mimi nasema sifa hizo ni sumu, na wanaozigawa, wakiwemo wachungaji na mama wakwe, waache kujifanya wanasaidia nyumba za watu.

Hebu tufuate shilingi. Chukua mama yeyote wa Imenti Kusini ambaye mume anabeti usiku na kunywa mchana. Bonasi yake ni elfu sitini. Mume anamwambia, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba laini yake imekwama kwa deni la Fuliza, elfu tisa. Mama anatuma elfu tisa. Fuliza haisubiri ruhusa ya mtu: pesa yoyote inayoingia M-PESA inakatwa kwanza kulipa deni. Deni likiisha, kikomo cha kukopa kinafunguka upya, na jioni hiyo hiyo mume anaweza kukopa tena elfu tisa ile ile. Mama anadhani amefunga shimo. Amelifukua. Kisha anakuja shailoki na elfu ishirini zake, kisha pikipiki iliyowekwa rehani. Kufikia Novemba mama anakopa karo kwenye chama, na sasa yeye ndiye mwenye deni, aliyeanza mwaka bila deni hata la chumvi.

Angalia nani ameumia katika hesabu hiyo. Mume hakulala njaa, hakuona aibu, hakuitwa mbele ya mtu yeyote. Kila mara maumivu ya kosa lake yalipokuwa yanamfikia, mke aliruka katikati akayapokea yeye. Mtu asiyewahi kuumizwa na deni ataacha kukopa kwa sababu gani?

Tabia hii haianzii kwenye maelfu. Inaanza kwenye simu ya asubuhi kwa mwajiri: "Baba Kendi ana malaria." Malaria gani hiyo inayoshika kila Jumatatu? Inaanza kwa kupekua mifuko ya suruali, kulala ukisikiliza lango, kujua kwa mlio wa hatua kama leo kutakuwa na amani. Unaenda hospitali kumpeleka yeye, lakini jino lako linalouma tangu Pasaka unalinyamazisha kwa karafuu. Mtu akikuuliza utakula nini, unajibu anachopenda yeye. Marafiki wa chama umeacha kuwatembelea, kwa sababu utasema nini wakiuliza habari za nyumbani? Na ukimwona ametulia wiki mbili, badala ya kupumzika unahangaika, kana kwamba umeachishwa kazi.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo inayonitisha zaidi, na si yetu peke yetu. Bill Wilson, Mmarekani aliyeshiriki kuanzisha kundi la walevi wanaosaidiana mwaka 1935, aliacha pombe baada ya mkewe Lois kumuuguza miaka mingi. Mtu angetarajia mke asherehekee. Siku moja Bill alimhimiza wafanye haraka wasichelewe mkutanoni, na Lois akamrushia kiatu kwa hasira. Baadaye alieleza kwamba maisha yake yote yalikuwa yamejengwa juu ya kumponya mumewe, na mume alipopona bila yeye, akabaki hana kazi. Mwaka 1951 alishiriki kuanzisha Al-Anon, kwa ajili ya jamaa za walevi. Ni kutoka kwa familia kama hizo ndipo washauri wa Marekani walipoanza kuizungumzia hali hii ya mwokozi kumtegemea anayemwokoa. Melody Beattie akaisambaza duniani kwa kitabu chake cha 1986. Haimo katika orodha rasmi ya magonjwa ya akili, wala haihitaji kuwemo ili ikumalize.

Na wanaume, msikenue meno. Nimesikia ya waume wa Maua wanaouza miraa na kulipa kimyakimya mikopo ambayo wake zao wamechukua kwenye vyama vitatu, huku wakiogopa kuuliza hata swali moja. Suruali haimkingi mtu na ugonjwa huu.

Sasa tufike kwenye kalamu, maana hapo ndipo uokozi unapogeuka kuwa mauti. Ukikubali kuwa mdhamini wa mwenzi wako katika chama cha akiba na mikopo, akiba yako inashikiliwa hadi deni lake liishe. Asipolipa, inakatwa yako. Akitaka kuweka rehani nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inasema rehani hiyo haina nguvu bila idhini ya mwenzi. Kwa maneno mengine, Bunge lilimpa mama wa Tigania au Runyenjes uwezo wa kuzuia nyumba yake isiliwe. Naye anapelekwa benki akiwa amevaa leso nzuri, anatia sahihi, kwa sababu mume alilia usiku. Hakuna rehani halali ya nyumba ya ndoa ambayo haikupitia kwenye macho ya mwenzi aliyesema "sawa tu".

Najua mtakachosema: mtu wako akizama utamwacha? La. Tofautisheni msaada na uokozi. Mume akiugua nimonia, lipa. Nyumba ikiungua, jengeni pamoja. Swali la kujiuliza ni dogo: baada ya kumsaidia mara ya mwisho, jambo lile lile lilirudi? Kama lilirudi, na sasa linakuja likiwa na deni kubwa zaidi, husaidii, unalipia.

Lakini msichukue ukali wangu mkaenda kufa. Kama mwenzi wako hupiga, kukataa pesa ghafla kunaweza kuleta kisu. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini, piga 1195, namba ya bure ya waathiriwa wa ukatili, na uwe na pa kulala kabla ya kusema neno. Na mlevi wa miaka mingi asifungiwe ndani aache pombe kwa nguvu, maana mtetemo na degedege za kuachishwa ghafla zinaweza kumuua, apelekwe hospitali. NACADA nao wana namba ya bure, 1192, kwa masuala ya ulevi na dawa za kulevya.

Kwa mama wengine wote, kazi ya wiki hii ni ya kuchosha. Bonasi ikiingia, toa kwanza karo na chakula kabla laini yake haijakuita. Kisha mwambie, mchana, akiwa hajanywa: deni lako utalipa wewe, na nitakuambia mapema mambo nisiyolipia tena. Usihutubu zaidi ya hapo. Atakununia. Mama mkwe atakuja na mkoba na maneno. Shailoki atapiga simu yako, si yake, kwa sababu miaka yote alijua pesa zako ndizo dhamana yake halisi. Mwambie mwenye deni yuko, namba yake anayo.