Akaunti ya duka si yako

Wasee, tukienda kuuzia maduka madogo huduma za mtandaoni, wengi tunakimbilia TikTok. Mimi nasema anza na Google Maps. Mtu anayetafuta duka la vitambaa karibu naye tayari ana pesa mfukoni.

Mwaka jana nilimsajilia mathe mmoja wa Kayole. Google ikaitisha video: barabara, jina la duka nje, halafu yeye akifungua mlango kwa ufunguo. Wakaikataa, juu duka halikuwa na kibao. Tukaandika jina ukutani kwa rangi, tukarekodi tena bila kukatiza, ikapita.

Kosa langu lilikuwa kutumia Gmail yangu. Simu ikaibiwa, nikafungiwa nje ya akaunti, na mwezi huo huo mathe akahamisha duka. Ramani ikaendelea kuwapeleka wateja kwa mlango uliofungwa. Aibu ilikuwa yangu, hasara ikawa yake.

Siku hizi nafungua kwa Gmail ya mwenye duka, kwa simu yake, kisha ananiongeza kama "Manager". Akichoka na mimi, ananitoa. Beshte yangu anasema hivyo nitapoteza wateja. Mathe bado ananilipa mia tano kila mwezi nimbadilishie picha.