Mwalimu wa Zamu Asimame Wapi?

Na Rehema Mutua

Kengele ya mapumziko marefu ikilia katika shule nyingi za kutwa za Eastlands, mwalimu wa zamu utamkuta paredi, karibu na mlingoti wa bendera. Si uzembe. Pale analiona lango, anauona uwanja, na mwalimu mkuu naye anamwona. Asichokiona ni nyuma ya choo cha wavulana, chini ya ngazi, na ule ujia mwembamba kati ya ukuta wa darasa na tangi la maji. Huko ndiko shilingi ishirini za smoki zinakobadilisha mfuko.

Nairobi haikosi takwimu za uonevu shuleni. Mwaka 2007 Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi 1,012 wa shule 17 za sekondari za umma za jiji hili. Kulingana na aina ya uonevu iliyoulizwa, kati ya asilimia 63 na 82 ya wanafunzi walisema umewakuta. Idadi hizo ndizo zilizokumbukwa. Lakini watafiti walipata jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana: matokeo yalitofautiana kulingana na mahali mtoto alipoonewa, na kama shule ni ya kutwa au ya bweni.

Shule ya bweni ina usiku. Visa vya uonevu vilivyofichuka katika shule ya Alliance mwaka 2017 vilihusu mabweni na viranja waliokuwa na mamlaka juu ya wenzao taa zikishazimwa. Shule ya kutwa haina usiku huo, kwa hivyo uonevu hujibana katika dakika chache: kabla ya kengele ya asubuhi, wakati wa mapumziko, kati ya kipindi na kipindi, na pale langoni jioni. Dakika hizo zinaweza kuchorwa ramani.

Kazi hiyo ilishafanywa. Mwaka 1999 Ron Avi Astor na wenzake walichapisha utafiti wa shule tano za sekondari nchini Marekani, ambako wanafunzi na walimu walipewa ramani ya shule yao na kuombwa waonyeshe ni wapi vurugu hutokea, saa ngapi, na nani huwa karibu. Matukio 166 yalitajwa. Yote yalikuwa mahali ambapo watu wazima walikuwa wachache au hawakuwapo kabisa: ujiani, mkahawani, kwenye maegesho. Walimu wengi waliona darasa ni lao, lakini ujia ulio nje ya mlango wa darasa hilo wakauona kama hauna mwenyewe.

Tuseme shule moja ya Komarock inataka kujaribu. Shule ni ya mfano tu, lakini mwenyeji ataitambua: jengo la ghorofa moja lenye umbo la herufi L, vyoo vimesukumwa hadi kwenye ua wa nyuma, kiosko kando ya lango. Hatua ya kwanza ni kuchora mpango wa shule kwenye karatasi moja, bila urembo, na kuutolea nakala. Wavulana hujaza peke yao na wasichana peke yao, kila gredi kivyake, bila majina. Alama nyekundu huwekwa mahali mtoto anapoogopa kupita, na kando yake huandikwa wakati. Walimu nao hujaza yao, bila kuona za watoto. Wa gredi ya kwanza hadi ya tatu hawasomi ramani vizuri. Hao hutembezwa kwa vikundi vidogo na kuulizwa wanapenda kuchezea wapi na wapi hawaendi.

Swali la pili ni muhimu kuliko lile la wapi: unaogopa nini hapo? Mtoto anaweza kuweka alama nyekundu chooni kwa sababu ya giza, harufu au mlango usiofungika. Fundi akileta komeo na balbu, tatizo hilo limekwisha. Akiandika kwamba wakubwa husimama mlangoni wakidai hela, hapo kazi ni nyingine. Ramani isiyotenganisha hayo mawili itampeleka mwalimu kulinda harufu.

Kisha ramani zote huwekwa juu ya moja. Tuseme alama za wavulana wa gredi ya nne na ya tano zimerundikana nyuma ya choo, karibu zote saa 5:00 hadi saa 5:10, huku walimu wameweka zao uwanjani na langoni. Pengo hilo ndilo shule ilikuwa ikilitafuta. Linaweza kuhakikishwa bila kumhoji mtoto yeyote: tazama ni nani huomba ruhusa ya kwenda msalani saa 5:40, kipindi kimeshaanza. Mtoto anayeomba kila siku, na ambaye wakati wa mapumziko hakukanyaga chooni, huenda anakikwepa choo chenye watu. Mwalimu asiyejua hivyo humwita msumbufu.

Foleni nayo ina mchango wake. Kipimo cha Wizara ya Elimu ni mlango 1 wa choo kwa wasichana 25 na 1 kwa wavulana 30. Shule yenye wavulana 450 inahitaji milango 15. Ikiwa na sita, na gredi zote zikaachiliwa kengele moja, wadogo watakutana na wakubwa mahali finyu, na mdogo ndiye atakayesukumwa nyuma. Kuachilia wadogo dakika kumi mapema hakuhitaji hata tofali moja.

Kuhusu mwalimu wa zamu, hakuna anayemtaka aingie chooni. Mtoto ana haki ya faragha, na kamera humo ndani ni jambo lisilofaa kabisa. Anachotakiwa ni kuhamisha miguu: asimame penye mabomba ya kunawia mikono, anapoona mlango na nyuma ya jengo kwa pamoja, kwa zile dakika kumi zilizoandikwa kwenye ramani. Baadaye arudi paredi akitaka.

Je, inafaa kitu? Jibu zuri zaidi lilitoka New York, katika mradi uliofanyiwa majaribio kwenye shule 30 za watoto wa gredi ya sita na ya saba. Baadhi ya shule zilipewa masomo ya darasani pekee, nyingine zikafanya kazi ya majengo, ikiwemo ramani za sehemu zinazoogopwa na kuongeza usimamizi hapo, nyingine zikafanya yote mawili, na nyingine hazikupewa lolote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kazi ya majengo, iwe peke yake au pamoja na masomo, ilipunguza unyanyasaji wa kijinsia kati ya wanafunzi. Masomo peke yake hayakupunguza. Kwa wanaodhani hotuba ya paredi Jumatatu inatosha, hilo linauma.

Mitego ipo. Wa kwanza ni kumweka kiranja mahali pa mwalimu. Kiranja wa gredi ya nane penye mlango wa choo anaweza kugeuka mtoza ushuru. Wa pili ni kubandika ramani ukutani, ambapo wakorofi watasoma ni gredi gani iliyosema. Ramani ikae ofisini na zamu ibadilike kimyakimya. Wa tatu ni kusahau kwamba uonevu huhama. Zoezi lirudiwe mwisho wa muhula. Alama zikionekana chini ya ngazi badala ya chooni, ratiba ya zamu iandikwe upya.

Ugumu wenyewe Komarock hauko kwenye karatasi. Tangu Januari 2023 shule ya sekondari ya chini imekaa ndani ya shule za msingi, kwa hivyo kijana wa miaka 14 na mtoto wa miaka sita wanapita mlango mmoja, huku walimu wa pande hizo mbili wakiwa na ratiba mbili na, mara nyingine, vyumba viwili vya walimu. Alama nyingi zitaangukia penye watoto wa pande zote mbili, na hapo ndipo kila upande husema zamu ni ya wale wengine. Mwalimu mkuu anayeitisha ramani aitishe pia orodha moja ya zamu yenye majina ya walimu wa pande zote, kabla kalamu nyekundu hazijagawanywa.